Namba 38 iliyozaliwa ndani ya chupa

Matokeo ya kwanza ya yule mama niliyasaini mimi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asidhani nakuja kuwasimanga wenzangu.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo dirisha la maabara yetu halionekani kwa watu. Alikuwa fundi cherehani wa miaka 46 mwenye uvimbe kwenye kizazi, na madaktari walikuwa wamempangia upasuaji. Kabla ya upasuaji lazima FBP, yaani picha kamili ya damu, kwa hiyo alitolewa damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau kama wenzake wote. Mashine ikatoa kila kitu, na kwenye mstari wa PLT, ule wa chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, ikaandika 61. Hiyo ni elfu 61 kwa kila mikrolita, wakati kiwango cha kawaida kinaanzia 150. Pembeni ya namba palikuwa na kialama cha nyota. Mashine yetu huweka nyota hovyo, ndivyo tulivyokuwa tukiambiana, na siku hiyo nilikuwa na sampuli zaidi ya sitini mezani. Nikasaini, nikaita jina linalofuata.

Namba hiyo ikaanza safari yake. Upasuaji uliahirishwa, akaambiwa arudie kipimo baada ya wiki mbili. Alirudia, ikaja 47. Akapewa rufaa kwenda hospitali nyingine, huko ikaja 52. Daktari wa huko aliangalia mambo matatu: chembe sahani zimeshuka mara tatu mfululizo, mama anatoka damu nyingi kila mwezi, na malaria na VVU vyote hasi. Akahitimisha kwamba kinga ya mwili inakula chembe sahani zake. Akamwandikia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, vidonge kumi na viwili vya miligramu 5 kila asubuhi. Simlaumu, kwa karatasi zilizokuwa mbele yake hata mimi ningefikiria hivyo. Tatizo ni kwamba damu ile ya kila mwezi ilikuwa inatoka kwa sababu ya uvimbe, ambao ndio uliompeleka hospitali tangu mwanzo. Sasa ikawa inahesabiwa kama ushahidi dhidi ya chembe sahani.

Wiki tatu za dawa hazikupandisha chochote. Namba ikaja 38.

Aliporudi kwetu ilikuwa miezi mitano tangu Jumatatu ile. Uso umevimba na kuwa mviringo, mashavu yanang'aa, usiku halali, na sukari imeanza kupanda. Hemoglobini imeshuka hadi 8.1 kwa sababu ule uvimbe ulikuwa bado unamwaga damu. Alikuwa amebeba faili la plastiki, na ndani yake karatasi ya kumtuma Dar es Salaam akatobolewe mfupa wa nyonga kuchukuliwa uboho. Kabla ya safari, daktari wetu alitaka FBP moja zaidi.

Nilikuwa zamu ya mchana na foleni ilikuwa imekwisha. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuzungumza naye. Akakaa kitini, akakunja mkono wa gauni, akaniita daktari, kama wanavyotuita wote tuliovaa koti jeupe.

"Daktari, hizi chembe zangu zinapotelea wapi? Maana mimi sizioni zikipungua."

"Unamaanisha nini, mama?"

"Juzi sindano ya cherehani ilinipitia kidole, hapa. Nikatafuta kitambaa cha kufungia. Mpaka nakipata, damu imeshakata."

Akanyoosha kidole cha shahada. Palikuwa na kinukta cheusi kwenye kucha, basi. Nikaangalia mikono yake. Miezi mitano ya kuchomwa sindano na hapakuwa na baka hata moja la damu chini ya ngozi. Fizi safi. Miguuni hakuna vile vidoa vyekundu kama vya kuumwa na viroboto ambavyo hutokea chembe zikishuka sana. Mtu mwenye 38 anaweza kabisa kuwa hana dalili, kwa hiyo kidole hakikuthibitisha kitu. Ila kilinifanya niombe lile faili.

Nilipanga karatasi zote mezani kwa tarehe. Mambo mawili yalinikaa vibaya. La kwanza, mama huyu alikuwa na upungufu wa madini ya chuma, chembe zake nyekundu zilikuwa ndogo na zimepauka. Watu wa namna hiyo mara nyingi chembe sahani zao huwa nyingi kuliko kawaida, siyo chache. La pili lilikuwa saa. Kwenye kila fomu huandikwa saa ya kutoa damu na saa ya kupima, na hakuna anayezisoma. Ile 61 yangu ilitolewa pale pale maabara, ikapimwa baada ya dakika arobaini hivi. Ile 38 ilitolewa wodini saa mbili asubuhi, ikapimwa saa tano na nusu baada ya umeme kurudi. Zile mbili za katikati zilikuwa katikati hata kwa saa. Damu ilivyokaa muda mrefu ndani ya chupa, ndivyo namba ilivyoshuka.

Nikamtoa damu, nikapima, nikaweka tone kwenye kioo na kulitandaza, nikapaka rangi ya Giemsa ili chembe zionekane.

Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea hata wakishakumbuka kutumia hadubini. Tumefundishwa kwenda katikati ya utando, mahali chembe nyekundu zinagusana kwa shida bila kulaliana, kuweka mafuta na lenzi ya 100, kisha kuhesabu. Nilifanya hivyo. Nikaona chembe sahani mbili kwenye uwanja mmoja wa hadubini, moja kwenye mwingine, uwanja wa tatu hakuna. Ungeishia hapo ungeandika "zimepungua kweli, mashine iko sahihi," na ungekuwa umeliwekea kosa muhuri wa pili. Unapotandaza damu, vitu vizito na vikubwa husukumwa hadi mwisho wa utando, kule mkiani. Nikarudisha lenzi ndogo ya 10 na kuusogeza mkia chini yake. Zilikuwa kule. Mafungu kwa mafungu ya zambarau hafifu, kama punje za ulezi zilizomwagikiwa maji zikashikana, mengine yana chembe kumi, mengine nilishindwa kuhesabu kabisa. Kingo zake zilikuwa na manyoya, na ndani yake hapakuwa na nyuzi za fibrini, zile za damu iliyoganda.

Nilisimama nikamwita inchaji wetu, mama mmoja aliyeanza kazi enzi za kuhesabu kila kitu kwa mkono. Akaangalia, akanyamaza, akaangalia tena. "Hii ni ya chupa," akasema. "Mwili hauna habari nayo. Mrudishe kitini."

Mashine yetu haina macho. Inapitisha damu iliyochanganywa na maji maalumu kwenye kitundu chembamba chenye umeme, na kila kitu kinachopita kinakatiza umeme kidogo. Kikubwa kinakatiza sana, kidogo kinakatiza kidogo. Kitu cha ukubwa wa femtolita 2 hadi 30 hivi mashine inakiita chembe sahani. Sasa chembe kumi zikishikana zinapita kama kitu kimoja kikubwa. Mashine haiwezi kusema "hizi ni kumi". Inazitupa nje ya hesabu, au mbaya zaidi, fungu likifikia ukubwa wa chembe nyeupe, inaliandika huko. Ndiyo maana kwenye karatasi za mama huyu chembe nyeupe zilikuwa zinapanda kila chembe sahani zilipokuwa zinashuka, na mtu mmoja alishampa antibayotiki kwa ajili hiyo.

Na kwa nini zishikane? Ndani ya chupa ya zambarau kuna EDTA, kemikali inayokamata kalisi yote ya damu ili damu isigande. Juu ya kila chembe sahani kuna protini iliyoundwa kwa vipande viwili, na kalisi ndiyo inayovishikiza pamoja. Kalisi ikiondolewa, protini inalegea na kuonyesha upande uliokuwa umefichika. Watu wengi hawana shida na hilo. Wachache sana, kiasi cha mmoja katika kila elfu, wana kingamwili zinazoutambua upande ule na kuzigandamanisha chembe. Mwilini kalisi ipo muda wote na upande ule umefunikwa, kwa hiyo kingamwili hizo zinazunguka bila kazi. Mwenye nazo hatoki damu, haumwi, na wala hahitaji dawa. Jambo lenyewe limeandikwa kwenye vitabu tangu mwaka 1969, na mimi nililijibia swali chuoni nikapata alama zote.

Yule mama akarudi kitini. Tulimwomba radhi kwa kumchoma tena. Tulichukua chupa mbili, ya zambarau na ya bluu yenye sitrati ya sodiamu, ile ya vipimo vya kuganda kwa damu. Tulikuwa nazo tatu tu kabatini, na moja ilikuwa imepitwa na tarehe. Nikampeleka mama wa watu hadi chumba cha mashine ili tusipoteze hata dakika za kutembea.

Chupa ya zambarau, iliyopimwa mara tu baada ya kugeuzwa taratibu mara nane, ilitoa 174. Nusu saa baadaye, chupa ile ile, 96. Saa moja, 58. Saa mbili, 34. Chembe nyeupe nazo zikatoka 6.1 zikapanda hadi 8.3, bila mtu kuugua chochote, chupa ikiwa imesimama tu kwenye kishikio. Niliziandika namba hizo kwa kalamu nyuma ya fomu kwa sababu nilijua nitaulizwa.

Chupa ya bluu ikatoa 188, na baada ya saa moja 186. Lakini 188 si jibu. Chupa ya zambarau ina dawa kidogo mno, kavu au tone dogo, isiyopunguza damu kwa kiasi cha kujali. Chupa ya bluu ina maji ya sitrati, sehemu moja kwa kila sehemu tisa za damu. Kwa hiyo unazidisha kwa 1.1: 188 mara 1.1 ni kama 207. Hesabu hiyo inasimama tu kama chupa imejazwa hadi mstari. Chupa yetu inachukua mililita 2.7 za damu juu ya 0.3 za sitrati. Ukitoa mililita 1.5 tu kwa sababu mshipa umekimbia, sasa una 1.8 kwa jumla na kizidisho chako kimekuwa 1.2. Ukitumia 1.1 unamnyima mgonjwa chembe ambazo anazo. Inchaji alinifanya nijaze chupa huku ananiangalia, kama mwanafunzi.

Cha mwisho tulimchoma kidole, tukafuta tone la kwanza, tukalitandaza la pili moja kwa moja kwenye kioo bila chupa yoyote. Mkiani hapakuwa na mafungu ya maana. Katikati nilihesabu nyanja kumi kwa lenzi ya 100 na wastani ukawa chembe 13. Kila moja kwenye uwanja huwakilisha takriban elfu 15 hadi 20, kwa hiyo ni kati ya 195 na 260. Makadirio ya jicho, lakini yanakubaliana na chupa ya bluu, na hayakugharimu zaidi ya kioo na sindano ya kidole.

Nilijaribu pia kuiweka chupa ya zambarau kwenye maji ya nyuzi 37, maana wapo ambao joto huwasaidia. Kwake lilisaidia kidogo tu, 71 baada ya saa moja badala ya 58. Usitegemee.

Kazi ngumu ikawa kumweleza daktari. Nilimpigia simu. Kimya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo maabara nne zote zimekosea?" Nilimwambia maabara zote zimepima sahihi kilichokuwa ndani ya chupa, na zote zimetumia chupa ya rangi moja. Kipimo kilirudiwa mara nne, ila kwa njia ile ile, na kila namba ya chini ikaifanya iliyotangulia ionekane kweli zaidi. Nikamwambia pia ya kwanza ni yangu, na kwamba nyota ilikuwepo. Alikuja mwenyewe kuangalia mkia wa kioo kwenye hadubini. Aliangalia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Prednisoloni haikukatwa siku ile. Mwili uliozoea dozi ile kwa wiki kadhaa unaweza kuanguka ukinyimwa ghafla, kwa hiyo alipunguziwa taratibu. Kupunguza kulichukua muda mrefu zaidi ya kipimo chenyewe. Safari ya kutobolewa nyonga ikafutwa. Alipewa madini ya chuma na damu ikatafutwa kwa ajili ya upasuaji. Chembe sahani hazikutafutwa.

Nisieleweke vibaya, maana baada ya mama huyu nilipata ugonjwa wa kuona mafungu kila mahali, na nusura unitie kwenye shimo jingine. Wiki chache baadaye ililetwa damu ya mtoto wa miaka mitatu mwenye homa, PLT 29, na mkiani mafungu yapo. Nikachangamka. Nilikuwa naandika "namba si ya kweli" inchaji akachukua kijiti, akakizungusha ndani ya chupa, akakitoa na uzi mwekundu wa damu iliyoganda. Mtoto alikuwa amesumbua, mshipa umetafutwa sana, damu ikaanza kuganda kabla haijachanganyika na dawa. Mafungu yale yalikuwa na nyuzi za fibrini, nisingekuwa na haraka ningeziona. Tukamtoa upya vizuri, na namba ikaja 24, kioo safi mkiani. Zilikuwa zimeshuka kweli. Kuona mafungu kunakuambia namba uliyonayo haifai, hakukuambii namba ya kweli ni nzuri. Lazima uitafute.

Na chupa ya bluu si dawa ya kila mtu. Wapo ambao chembe zao hushikana hata kwenye sitrati. Tulimpata mmoja, mzee wa kipimo cha kibofu, zambarau 44 na bluu 60. Hapo inchaji alifungua kabati la chini akatoa kikaunta cha mkono na kioo cha Neubauer, kile chenye miraba ya kuhesabia chembe, akachanganya mikrolita 20 za damu ya kidole na mililita 0.38 za oksaleti ya amonia ya asilimia 1. Akakiweka kioo dakika 20 chini ya kifuniko chenye pamba ya maji ili chembe zitulie zisikauke. Halafu akahesabu miraba mitano kati ya ile 25 ya katikati. Uzuri wa mchanganyiko huo ni kwamba idadi unayoipata ndiyo jibu kwa maelfu. Alipata 171. Alisoma namba bila kuinua kichwa, akasema vijana wa mashine hamtaniamini.

Sasa hivi kwetu PLT yoyote iliyo chini ya 100 kwa mgonjwa mpya haitoki bila kioo kuangaliwa mkiani. Mafungu yakionekana, mahali pa namba tunaacha wazi na kuandika maneno. Hilo lilileta mzozo, maana wodini wanataka namba, na ukiwaandikia 38 yenye maelezo kumi chini yake wataichukua 38 na kuacha maelezo.

Mama alifanyiwa upasuaji na uvimbe ukatolewa. Kabla ya kuruhusiwa nilimwandikia kwenye jalada la daftari lake la kliniki, kwa kalamu nzito: damu ya huyu hushikana kwenye EDTA, pima kwa sitrati au mara tu baada ya kutoa. Hali hii inaweza kukaa na mtu miaka mingi, na hatakuwa na mimi kila anakokwenda. Nikaweka na namba yangu ya simu.

Mwaka uliofuata simu iliita Jumapili. Kijana wa maabara ya kituo cha afya, sauti ya haraka.

"Kaka, nina mama hapa ana PLT 43. Anagoma kupelekwa rufaa, anasema nisome daftari kwanza. Chupa ya bluu hatuna."

"Vioo unavyo?"

"Vipo."

"Amekaa wapi?"

"Hapa mbele yangu. Ameshanyoosha kidole."

"Basi mchome, tone la kwanza futa."